Jumatano Ilivyokula Ijumaa

Jirani yangu tulimwita Dakika kwa sababu hakuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya hiyo. Ukimkaribisha kiti anakishika mgongo, anakizunguka, anakuambia "naenda, naenda," na anabaki palepale nusu saa akiwa amesimama. Alikuwa mwanafunzi wa maabara, yule msichana anayekupima damu wewe umekaa, yeye amesimama. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba nilijua anapokata kitunguu. Macho yangu ndiyo yaliyoanza kulia.

Chumba kilikuwa na kitanda na meza vya mwenye nyumba; yeye alihamia pale akiwa na godoro, jiko la gesi lenye mtungi mdogo, sufuria mbili, kiti kimoja, na sharti la kaka yake.

Kaka yake alikuwa dereva wa lori la mizigo, mtu mwenye mabega ya kubeba mlango na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyemlipia ada, ndiye aliyemlipia kodi, na kila Jumamosi asubuhi ndiye aliyemtumia kwenye simu hela ya chakula cha wiki. Lakini moyoni hakuutaka huo mpango wa chumba. Kwa mjomba wao kulikuwa na nafasi ya bure, na bure kwa kaka huyo ilikuwa neno tamu kuliko asali. Dakika alishakaa kwa mjomba mwaka mzima. Watoto watano, mmoja mgongoni, mmoja kwenye sketi, daftari juu ya friji. Alisoma amesimama huku akikoroga uji, na somo moja likamwangusha chini.

"Sawa, kaa peke yako," kaka alimwambia siku ya kumshusha na godoro, mimi nikiwa mlangoni kwangu nikijifanya napiga mswaki. "Nakupa mwezi mmoja, wiki nne. Hela ya wiki ni ile ile. Siku utakayonipigia simu ya kuomba nyongeza kabla ya Jumamosi, nakuja na lori, nabeba godoro, napeleka kwa mjomba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka."

"Mtu mmoja anakula nini? Mtu mmoja ni kama ndege tu."

Akaondoka na vumbi lake. Mtihani wa vitendo, ule wa kurudia somo lililomwangusha, ulikuwa Ijumaa ya wiki ya nne. Kwa hiyo mwezi huo haukuwa mwezi wa mchezo. Akirudi kwa mjomba, anarudi kukoroga uji.

Wiki ya kwanza alifanya ununuzi kama mtu anayeandaa harusi. Jumamosi asubuhi hela iliingia, na saa nne alikuwa ametoka kwa mama wa duka na mifuko hadi vidoleni: mikate, nyanya zimeiva zinang'aa, mboga za majani mafungu kwa mafungu, maziwa. Friji hana. Jumanne nyanya zilikuwa zimelegea kama mashavu ya bibi, mkate umeota ndevu za kijani, na mboga zimekuwa nyasi. Halafu kulikuwa na ile sehemu ya bajeti aliyoiandika "mengineyo." Ndani ya mengineyo walikuwamo chumvi, kiberiti, sabuni, majani ya chai, sukari, na mafuta ya kupikia. Mengineyo yalikula nusu ya hela, yakajifuta mdomo.

"Jirani," aliniambia Alhamisi, akitembea kutoka mlango wangu hadi mlango wake na kurudi, "hivi chumvi ni chakula?"

"Inategemea umekwama kiasi gani."

"Nimekwama."

Ijumaa ile alikunywa chai bila sukari mara tatu na kulala mapema ili njaa isimkute macho.

Wiki ya pili akajirekebisha. Huyo msichana alikuwa na kichwa; shida ni kwamba kichwa kilikuwa kinakimbia kuliko miguu. Sabuni, chumvi na mafuta akavipa mstari wake kila kimoja. Nyanya akanunua nusu zilizoiva kwa mwanzo wa wiki, na nusu zenye ubichi za kuiva zenyewe dirishani. Mboga za majani akawa ananunua fungu moja siku anayopika, na kabichi zima kwa siku za mwisho, kwa sababu kabichi lina moyo mgumu, linavumilia. Kisha akapiga hesabu ya nini kinashibisha kwa bei ndogo, na jibu likaja maharage makavu. Alifurahi, akaruka. Akamuagiza mama wa duka ampimie kilo mbili.

Mama wa duka alimtazama juu ya miwani. "Mwanangu, una shamba la kupanda?"

Maharage yalikuwa rahisi kweli, kwenye karatasi. Kwenye jiko yalikuwa habari nyingine. Aliyatia yote kwenye sufuria makavu vilevile yalivyotoka dukani, akawasha, akayasubiri. Akayaonja, yakagonga meno. Akayasubiri. Nilisikia kandambili zake zikipiga sakafu, taf taf taf, mlangoni, jikoni, mlangoni. Ilipofika jioni moto ukawa wa buluu, ukawa wa njano, ukapumua mara moja, ukafa. Mtungi umekwisha na maharage bado ni kokoto.

Gesi haikuwamo kabisa kwenye bajeti. Mtungi alihama nao umejaa, basi akauhesabu kama ukuta: kitu ambacho kipo tu. Kujaza mtungi kulimeza hela aliyotenga kwa ajili ya kutoa nakala za masomo. Akawa anasoma nakala za mwenzake kwa zamu, ukurasa huku, ukurasa kule, kama mtu anayesoma gazeti la abiria wa mbele.

Toka hapo akajua: maharage yanalowekwa asubuhi kabla ya kwenda chuo, yanapikwa jioni yakiwa yamelainika, na kila Jumamosi inawekwa kando sehemu moja ya tano ya bei ya mtungi, kwa sababu mtungi ule ukitumiwa kwa akili ulichukua wiki tano.

Sasa nikwambie kuhusu Jumatano.

Kila Jumatano jioni kaka mtu alikuwa akishusha mzigo kwenye ghala la jirani, na kabla ya kuingia tena barabarani alipitia kumjulia hali mdogo wake. Kwa kuwa Dakika alikuwa na kiti kimoja, cha pili kilitoka kwangu. Nilikibeba mwenyewe, nikakiweka, nikarudi mlangoni kwangu kufua soksi. Vyumba vyetu viko kwenye kona ya korido nyembamba, ukuta ni mmoja na mlangoni kwangu naona hadi ndani kwake, kwa hiyo hata usipotaka kusikia, unasikia. Na mimi nilitaka.

Kaka alikula. Sifichi kitu, yule mtu alikula kwa heshima ya chakula. Sahani ya kwanza kwa njaa, ya pili kwa ladha, na baada ya hapo alisukuma bakuli la plastiki mezani: "Nifungie na ya safari, dada, huko njiani wanauza mawe." Dakika alifunga. Ungemwambia nini kaka anayekulipia ada? Kwamba apunguze mkono? Wiki ya kwanza alijaribu kumpakulia kidogo, kaka akachungulia sahani akauliza, "Hii umempikia nani, kuku?" Basi akawa anampikia sufuria ya kufunika.

Na kila alipomaliza alijifuta mdomo na kuuliza swali lilelile. "Hela inatosha?"

"Inatosha, kaka."

"Nilikuambia. Mtu mmoja ni kama ndege."

Wiki ya tatu Dakika alikuja na mifuko. Alipigilia misumari saba kwenye ukuta, yaani kwenye usingizi wangu wa Jumamosi asubuhi, na kila msumari akautundikia mfuko mdogo wa plastiki wenye jina la siku, kuanzia Jumamosi, siku ya hela, hadi Ijumaa, siku ya mwisho. Kila mfuko kikombe kimoja cha mchele: nusu ya kupika alfajiri na kubeba chuo, nusu ya jioni. Kilo moja na nusu ya mchele ilitoa vikombe saba na kiganja cha ziada. Mayai nayo aliyapangia siku, maharage nusu kilo yakagawanywa kupikwa mara mbili, kwa sababu yakilala sana bila friji yanachacha. Aliniita nione.

"Ukuta wako umekuwa duka la dawa," nikamwambia.

"Cheka. Sasa hakuna pa kupotea. Kila siku ina chake."

Na kweli hakuna kilichopotea. Nyanya ziliiva kwa zamu. Gesi ilikuwa na fungu lake. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mifuko ilishuka mmoja mmoja kama wanafunzi wanaoitwa majina. Jumatano saa kumi akaishusha yote iliyobaki akaificha chini ya kitanda, maana aliogopa kaka angeiita michezo ya kitoto. Saa kumi na moja kaka akaja. Akala, akaongezwa, akafungiwa ya safari.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya ukuta. Amesimama kweli, miguu imetulia, na hilo likanitisha kuliko kelele zake zote. Misumari ilikuwa mitupu, na chini ya kitanda hamna kitu.

"Jirani, nimekosea wapi? Nimepima kila kitu. Nimepima mpaka chumvi."

Nilimwangalia. "Jana jioni ulipika mifuko mingapi?"

"Wa Jumatano, na wa..." Kisha akageuka na kuanza tena kutembea, mlangoni, dirishani, mlangoni. "Usiseme."

"Sijasema."

"Ni kaka yangu."

"Sijasema kitu mimi. Nafua soksi."

"Anayenilipia ni yeye. Nimhesabie mtu wali alionunua mwenyewe?"

Ijumaa hiyo walikuwa na mazoezi ya mtihani. Alienda na kabichi la kuchemsha na chai tumboni. Alirudi saa nane, akakaa kitandani, akainuka, akaniambia mikono ilimtetemeka hadi tone la damu likamwagika nje ya kioo, na mwalimu akamwambia aende akale. "Ameniambia kama naye ana mchele wa kunipa." Akacheka, kicheko kifupi kilichokatika njiani.

Nilimwambia ampigie kaka, amweleze tu. Akanigeukia kama nimemtukana. "Nikipiga simu kabla ya Jumamosi nimeomba. Nikimwambia anakula sana, nimemtukana. Wewe chagua."

Sikuchagua. Niliingia ndani nikamletea ndizi moja iliyokuwa inakufa kifo chake cha kawaida.

Ikaja wiki ya nne. Jumamosi akanunua, akapima, akatundika. Nilimsikia usiku akipima tena, kama mtu anayetumaini kikombe kitabadili mawazo. Alikuwa hawezi kutulia. Alihamisha meza, akairudisha, alimfokea mama wa duka kwa yai lenye ufa kisha akarudi kumwomba radhi na kununua lile lile lenye ufa kwa bei pungufu. Maana hesabu ilikuwa wazi: Ijumaa ndiyo mtihani. Jumatano kaka anakuja. Akila kama kawaida yake, Ijumaa mikono inatetemeka tena, somo linaanguka tena, na mwanafunzi aliyeanguka mara mbili hana hoja ya kukataa kwenda kwa mjomba.

Jumatano hiyo hakubeba chakula chuo. Mfuko wa Jumatano aliuacha mzima hadi jioni. Nilipopeleka kiti niliona jambo jipya: saa kumi ilishapita na mifuko ilikuwa bado ukutani. Alhamisi na Ijumaa zinaning'inia kwenye misumari yao, zimejaa.

"Hujaficha," nikasema.

"Kaa mlangoni kwako. Na usicheke."

Kaka alifika akiwa amechoka, akakaa kwenye kiti changu nacho kikalia. Dakika akapakua. Sahani ilijaa, wali na mayai mawili na mchuzi wa nyanya, na yeye akajiwekea vijiko viwili pembeni. Kaka akala bila kutazama kitu kingine. Alipomaliza akasogeza sahani.

"Ongeza, dada."

"Ndiyo, kaka."

Sufuria ilikuwa tupu. Dakika akainuka, akaenda ukutani, akautoa mfuko wa Alhamisi kwenye msumari, akaumimina kwenye ungo, akachagua mchele taratibu, akauosha, akawasha jiko. Kaka akamwangalia.

"Unafanya nini?"

"Naongeza."

"Unapika upya? Si uliopo tu?"

"Uliopo umekwisha, kaka. Huu utaiva sasa hivi. Nusu saa tu."

Unajua nusu saa ya watu wawili kwenye chumba kimoja wakisubiri wali? Mimi nilifua soksi moja ile ile hadi ikakaribia kutoboka. Kaka aligonga meza kwa vidole. Aliuliza habari za chuo. Dakika akasema mtihani wa kurudia ni keshokutwa, Ijumaa. Kaka akasema safari hii asimwaibishe. Dakika akasema hatamwaibisha. Mfuniko wa sufuria ukaanza kuruka. Kaka akageuza shingo, akatazama ukuta, akatazama tena.

"Hivi vimifuko ni vya nini? Umeanza uganga?"

"Ni chakula cha wiki. Kila siku na mfuko wake, ili hela itoshe."

"Na huo uliopika?"

"Ni wa kesho."

Aliposema hivyo alikuwa amempa mgongo, anapunguza moto. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, sauti ya kumpa mtu maji. Wali ukaiva, Dakika akapakua, akaweka mbele yake kwa mikono miwili. Kaka akala, lakini polepole, kama mtu anayetafuta jiwe. Alipomaliza, mkono wake, kwa mazoea tu, ulilisukuma lile bakuli la plastiki.

Dakika akainuka. Akanyoosha mkono kwenye msumari wa mwisho.

"Wee!" Sauti ya barabarani ilitoka. "Acha hapo! Hiyo si Ijumaa?"

"Ndiyo, kaka."

"Ijumaa si ndiyo mtihani?"

"Ndiyo, kaka."

"Sasa utakula nini?"

Dakika alibaki na mkono hewani. "Wiki iliyopita nilikunywa chai."

Nilisahau soksi. Kaka mtu alitazama misumari, mmoja baada ya mwingine, midomo ikimcheza, na nilijua anahesabu Jumatano. Ya wiki hii, ya wiki iliyopita, ile ya maharage, ile ya kuku. Yeye ndiye aliyepanga hela ya ndege mmoja, akaja kila wiki kula akiwa tai.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kaka, usile?"

Akalirudisha bakuli upande wake. Kisha, kwa kuwa lazima mtu fulani afokewe, akanigeukia mimi. "Na wewe kijana, mwezi mzima uko hapo mlangoni, kazi yako ni kufua soksi?"

"Zinachafuka sana, bro."

Akainuka, akatoka bila kuaga. Bakuli akaliacha mezani. Dakika akaanza: mlangoni, dirishani, mlangoni. "Amekasirika. Anakwenda kuleta lori. Jirani, anakwenda kuleta lori kubeba godoro." Nikamwambia lori haliingii koridoni. Hakunisikia. Akakunja shuka, akalikunjua.

Kaka alirudi baada ya muda na mfuko wa duka. Akautua mezani: mchele kilo moja, mayai, kichane cha ndizi. Hakukaa.

"Hujanipigia simu," akasema, akitazama dari.

"Sijapiga, kaka."

"Basi hujaomba. Hii nimenunua nimekuta njiani. Ijumaa ule asubuhi, ule kabisa, usiniletee habari za chai." Akakohoa. "Na una nyundo?"

Nyundo ilikuwa yangu, kama kila kitu chenye mguu au mpini katika ule mlango. Msumari akautoa mfukoni mwake, msumari wa lori, mnene kama kidole cha mtoto. Akaupigilia pembeni mwa ule wa Ijumaa hadi plasta ikadondoka upande wangu, juu ya mto wangu. Msumari wa nane.

Ijumaa Dakika alikula wali na yai kabla ya jua kuchomoza. Nilisikia kijiko kikikwangua. Jioni alirudi akakaa kwenye kiti. Akakaa, nasema, kwa muda mrefu. Mikono ilikuwa imetulia na somo alikuwa amefaulu, mwalimu mwenyewe alimwambia pale pale. Mjomba atafute mwingine wa kukoroga.

Jumatano iliyofuata kaka aliingia ameshika mfuko wake mwenyewe, akautundika kwenye ule msumari mnene kwa fahari ya mtu anayepandisha bendera. Dakika akaupima kwa mkono. Vikombe vitatu kamili.

"Umeridhika sasa?" kaka akauliza, akivuta kiti changu. "Mchele wangu, msumari wangu. Sikudai, hunidai."

Dakika alikuwa ameshaanza kuzunguka, anatazama chini ya meza, ule mtungi mdogo.

"Nimeridhika, kaka. Asante sana." Akauinua kidogo kupima uzito wake, akauweka. "Na gesi?"